Safu Moja Kulia

Wifi yangu akikaa mezani huchonga penseli kwanza. Nadhani hata karakana ikishika moto atachonga penseli kwanza, aandike moto ulianza saa ngapi, ndipo atoke. Mimi ni mtu wa kufoka. Neno likinijia mdomoni halijui foleni. Sasa waza watu wawili wa namna hiyo ndani ya ofisi yenye meza mbili, dirisha moja na feni inayozunguka siku inapopenda yenyewe, kwa miaka kumi na minne.

Karakana ni yangu. Tunatengeneza mifagio, brashi za sakafu na vile vifagio vya kamba vya kupigia deki. Wateja wetu ni shule, zahanati, maduka makubwa na kampuni za usafi, na hakuna hata mmoja anayelipa papo hapo. Wote huchukua mzigo leo, pesa baadaye. Mdogo wangu wa kiume ndiye dereva wa pikapu, na wafanyakazi wamembatiza jina la Kesho kwa sababu ukimuuliza jambo lolote, hilo ndilo jibu lake. Mke wake ndiye huyo wifi yangu. Yeye wanamwita Bi Penseli, na anajua, na hajali.

Alikuja kwetu akiwa mwali mpya, akakaa na wanawake wengine kwenye benchi la kufunga nyuzi. Wiki ya pili nikamkuta anahesabu mafungu kwa kuyagusa tu, huku anazungumza na jirani yake habari za mtoto mwenye surua. Nilihesabu nyuma yake mara tatu nikitafuta kosa. Sikulipata. Siku iliyofuata nikamhamishia ofisini, nikamkabidhi madaftari, na tangu siku hiyo sijawahi kupoteza hata mpini mmoja bila kujua umepotelea kwa nani.

Shule aliiachia kidato cha pili, baba yake alipougua. Hakuwahi kulizungumzia hilo kwa kunung'unika, lakini nilimwona mara nyingi akiwapita wanafunzi barabarani na kuwaangalia viatu. Alipofika miaka arobaini na tatu, mtoto wake wa mwisho akiwa tayari anajifulia nguo mwenyewe, aliniambia asubuhi moja:

"Wifi, nimejiandikisha chuo cha jioni. Uhasibu. Cheti."

"Cheti cha nini? Kazi si unayo?"

"Kazi ninayo. Nataka na jina lake."

Ada alijilipia mwenyewe kwa kushona foronya. Kila jioni saa kumi na moja kamili alifunga droo, akabeba mfuko wake wa kitambaa, akaenda. Hata mvua ikinyesha alikwenda, viatu mkononi.

Mitihani ya cheti kile ilikuwa minne. Mitatu aliipita mara ya kwanza, na mmoja kati ya hiyo aliupita kwa alama ambazo mwalimu wake alizisoma kwa sauti mbele ya darasa. Wa nne, ule wa bajeti, akaanguka. Akarudia, akaanguka tena. Na sheria ya bodi ilikuwa wazi, imebandikwa ukutani pale chuoni: mtihani mmoja unaruhusiwa kuufanya mara tatu. Ukianguka mara ya tatu, hata ile uliyoipita inafutwa, unaanza upya kama mgeni.

Swali la kwanza la mtihani ule ni la lazima na lina alama arobaini. Kila mwaka ni lilelile limebadilishwa nguo: kampuni inauza kwa mkopo, wateja wanalipa kwa mafungu, wauza malighafi wanalipwa baada ya mwezi, haya tengeneza bajeti ya fedha taslimu ya miezi mitatu na useme ni mwezi gani pesa itapungua. Yaani ni kazi anayoifanya kila siku! Mtu anayeweka hesabu za karakana nzima kichwani anaangushwa na kampuni ya kubuni? Mimi nilisema wanataka kitu kidogo mkononi. Yeye alisema hapana, kuna kitu anakosea, na hatalala mpaka akijue. Bodi hairudishi karatasi za majibu. Inarudisha alama tu, na alama haisemi umekosea wapi.

Mwalimu wake naye alikuwa amechoka kushangaa. "Darasani unapata yote," alimwambia. "Labda ni woga wa chumba cha mtihani."

"Mwalimu, mimi nimezaa watoto wanne," wifi akamjibu. "Chumba cha mtihani kitanitisha na nini?"

Zilipobaki wiki sita, mwanzoni mwa mwezi wa sita, aliniomba kitu. Kuomba si desturi yake, kwa hiyo nilikubali kabla sijajua ni nini. Alitaka Jumapili mchana tukae ofisini, karakana ikiwa kimya, mimi nishike saa. Alikuwa na karatasi ya mtihani wa zamani na bahasha iliyofungwa aliyopewa na mwalimu. Ndani ya bahasha mlikuwa na majibu. Nisiifungue mpaka dakika arobaini na tano ziishe.

"Na usiseme neno," akaongeza.

"Dakika arobaini na tano nzima?"

"Jitahidi, wifi."

Akachonga penseli mbili. Darasani, nilikuja kujua baadaye, walikuwa wakipewa majedwali yaliyochapwa, mistari ya makusanyo imeshajazwa nusu, wao wanamalizia. Siku ile alikuwa na karatasi tupu, kama ya mtihani wenyewe. Nilimwangalia akipiga mistari kwa rula. Hakusita hata mara moja. Mkono ulikwenda kama wa mtu anayesuka nywele za mwanawe. Dakika ya thelathini na nane akaweka penseli chini, akanisukumia karatasi, mimi nikapasua bahasha.

Swali lilikuwa hivi. Mauzo ya mkopo ya mwezi wa pili ni laki hamsini, wa tatu sitini, wa nne themanini, wa tano laki mia moja, wa sita tisini. Wateja hulipa asilimia arobaini katika mwezi wa mauzo, hamsini mwezi unaofuata, na kumi mwezi mmoja baada ya huo. Malighafi hulipwa mwezi mmoja baada ya kununuliwa. Fungua mwezi wa nne ukiwa na laki kumi mkononi.

Karatasi ya mwalimu ilisema makusanyo ya mwezi wa nne ni laki sitini na saba: thelathini na mbili za mauzo ya mwezi wenyewe, thelathini za mwezi wa tatu, na tano za mwezi wa pili. Mwezi wa tano themanini na sita. Mwezi wa sita tisini na nne.

Ya wifi ilisema arobaini na tisa, sitini na saba, themanini na sita.

Nilitazama mara ya kwanza nikaona makosa matatu. Nikatazama mara ya pili nikaona sitini na saba pale, na sitini na saba hapa. Themanini na sita pale, na themanini na sita hapa. Hesabu zake zilikuwa sahihi kabisa, ila kila moja ilikuwa imekaa safu moja kulia, mwezi mmoja umechelewa. Na pale mwanzoni palipobaki pengo, alikuwa ameandika kwa mwandiko wake safi: "Mauzo ya mwezi wa kwanza hayakutolewa. Tumechukulia hayapo."

Upande wa malipo alikuwa hana kosa hata moja. Malighafi zilizonunuliwa mwezi wa tatu, laki arobaini, kazilipa mwezi wa nne. Za mwezi wa nne, laki hamsini, kazilipa mwezi wa tano. Mishahara ishirini kila mwezi, kodi tano. Mashine mpya ya laki ishirini na tano ikaingia mwezi wa tano. Uchakavu wa mitambo, ambao huwekwa pale kama mtego, aliuruka, maana uchakavu hautoi pesa mfukoni kwa mtu. Kwa hiyo kampuni yake ilikuwa inalipa kwa wakati na kupokea kwa kuchelewa. Kwa mwalimu, mwezi wa tano unaisha na upungufu wa laki mbili tu, na mwezi wa sita unafunga na laki ishirini na mbili juu. Kwa wifi, mwezi wa tano unaisha na shimo la laki thelathini na tisa, naye akashauri kampuni ikakope.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika meza. Laki thelathini na tisa za mkopo kuziba tundu la laki mbili!

"Umeona nini?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole. Akaangalia karatasi moja, akaangalia nyingine. Uso wake haukubadilika, lakini masikio yalimwiva.

"Kwa nini umesogeza?" nikamuuliza. "Imeandikwa hapa, arobaini katika mwezi wa mauzo. Mwezi wa mauzo!"

"Sikusogeza," akasema. Kisha akavuta daftari kubwa la karakana lililokuwa pembeni, akalifungua, akaweka rula chini ya mstari wa juu. "Nimesogeza," akasema. "Tazama. Hivi ndivyo ninavyofanya hapa."

Hapo kicheko kikanikauka, kwa sababu nilijua anachonionyesha kabla hajamaliza. Kulikuwa na mstari wa mzigo uliotoka, na chini yake mstari wa mauzo, na kila tarakimu ya mstari wa juu ilishuka chini kwa mshazari, safu moja kulia. Mzigo wa mwezi wa tatu ulikuwa mauzo ya mwezi wa nne. Wa nne ulikuwa mauzo ya mwezi wa tano. Miaka kumi na minne ya mshazari.

Na sheria hiyo niliitunga mimi.

Mwaka wa kwanza wa karakana, shule moja ilipokea mifagio mia mbili kisha ikanikana mchana kweupe. Mlinzi aliyepokea alikuwa ameacha kazi, karatasi yenye sahihi hakuna. Nilikula hasara ile nikalia. Nikaapa mbele ya wafanyakazi wote kwamba kuanzia leo hakuna ankara itakayoandikwa mpaka karatasi ya mzigo irudi mezani ikiwa na sahihi, na ankara itabeba tarehe ya siku inapoandikwa. Nilijiona mjanja sana. Nilichosahau ni nani analeta hizo karatasi. Kesho huziweka kwenye kiboksi cha mbele cha pikapu, pamoja na vocha za mafuta, pipi na betri zilizokufa, na huzileta kiboksi kinapokataa kufunga, yaani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mzigo wa tarehe mbili ulipata ankara mwezi unaofuata. Na mteja anahesabu siku zake kuanzia ankara, si kuanzia alipopokea mifagio. Angehesabu vipi vingine?

Ndiyo maana kila mwaka kabla ya shule kufungua nilikuwa nabisha hodi kwa mkopeshaji, jasho linanitoka, huku mifagio yangu inafagia kata nzima. Nilikuwa nakopa kuziba shimo nililolichimba mwenyewe, nalipa na riba juu yake.

"Wifi," nikaanza.

"Usiseme bado," akasema. Alikuwa anachonga penseli ambayo tayari ilikuwa imechongoka. "Nimebakiza wiki sita. Sasa nimelijua kosa. Lakini kulijua si kuliacha. Mkono wangu umefanya hivi miaka kumi na minne. Nikiingia mle ndani, saa inakwenda, mkono utaenda wenyewe."

"Basi fanya mazoezi."

"Nitafanya. Lakini siwezi jioni kuandika hivi na asubuhi nije hapa niandike vile. Nataka tubadilishe hapa."

"Tubadilishe nini?"

"Ankara iende na mzigo. Tarehe ya siku ileile. Mteja asaini karatasi ya mzigo na aipokee ankara palepale, na Kesho arudishe nakala jioni, si mwisho wa mwezi."

Damu ikanipanda. Nilimkumbusha ile shule. Nilimkumbusha mifagio mia mbili. Nilisema mengi ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu mengine yalimhusu marehemu mama mkwe wake, ambaye ni mama yangu. Akanisubiri nimalize. Alipoona nimeishiwa pumzi, akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Wifi, ile shule ilikukana kwa sababu hukuwa na sahihi. Sahihi tutakuwa nayo, na siku ileile. Ukikataa, sawa. Tafuta mtu mwingine wa kukuandikia madaftari, mimi nitarudi kwenye benchi la nyuzi mpaka mtihani upite. Kule hakuna safu."

Alikuwa hatanii. Ningejua kama anatania.

Nilikwenda nyumbani nimenuna. Jumatatu nikamwita Kesho uani, mbele ya pikapu, nikamwambia afungue kile kiboksi. Hakikufunguka. Tulitumia bisibisi. Zilitoka karatasi sabini na moja, nyingine zimegandana kwa pipi.

"Dada, nilikuwa nazileta," akasema.

"Lini?"

Akafungua mdomo, akanitazama usoni, akaufunga. Angalau siku hiyo hakulitamka. Nilimwambia kuanzia leo akirudi jioni bila nakala zenye sahihi, mafuta ya kesho yake hapati. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na daftari jipya, amekwisha kuchora safu zake.

Wiki zile sita sijui alikuwa analala saa ngapi, maana kila nilipopita alikuwa na karatasi tupu na rula. Hakutaka majedwali ya kuchapwa tena. Alijitungia kampuni za uongo: kiwanda cha sabuni, duka la matofali, mwuza vitabu. Akabadilisha asilimia. Akaweka wadaiwa sugu wasiolipa kabisa, akaweka punguzo kwa anayewahi. Akanitaka nimtungie na mimi. Nikamtungia kampuni ya kuuza mawifi, mapato yake madogo, matatizo yake makubwa. Akaitengenezea bajeti bila kucheka, akanirudishia, na chini ameandika: "Kampuni hii itafilisika mwezi wa pili. Mkurugenzi anaongea sana."

Mara mbili mkono ulimponyoka akasogeza. Mara zote mbili alijikamata mwenyewe, akaichana ile karatasi, akaanza upya kutoka juu. Hakufuta. Alisema akifuta, mkono utajifunza kufuta.

Ofisini nako mambo yakaanza kwenda. Mwezi ule wa sita tuliandika ankara za mzigo wa mwezi wa tano, zile za kwenye kiboksi, na za mwezi wa sita wenyewe, zote pamoja. Basi mwezi wa saba pesa zikaja kama za miezi miwili. Nilipoona salio la benki nilianza kuruka. Tayari nilikuwa nimempigia simu mwenye mashine ya kutoboa mbao za brashi.

"Mwambie asubiri," wifi akasema. "Hii si faida."

"Si faida vipi? Pesa si hii hapa?"

"Ni pesa yetu ileile, imewahi tu. Inatokea mara moja. Mwezi wa nane itarudi kawaida. Na mwuza mbao ametuvumilia siku sitini, tumemwahidi mwezi wa nane." Akanigeuzia bajeti yake ya miezi mitatu. "Ukinunua mashine sasa, mwezi wa nane tunazama. Tumalizane na mkopeshaji kwanza, na usirudi kwake tena."

Nikampigia tena mwenye mashine nikamwambia asubiri. Ilinikera, lakini nilifanya. Na kwa mara ya kwanza tangu nifungue karakana ile, shule zilikuwa karibu kufungua na mimi nimekaa zangu ofisini, sijabisha hodi kwa mtu.

Siku ya mtihani, katikati ya mwezi wa saba, nilimpeleka mwenyewe kwa pikapu. Sikumwamini Kesho. Alivaa gauni lake la kijani, penseli nne kwenye mfuko, rula mkononi kama anakwenda kupima kitambaa. Getini nilitaka kumwambia maneno mazuri, nikajikuta nimemwambia, "Usinitie aibu." Akatabasamu.

"Wewe utajitia mwenyewe, huhitaji msaada," akasema, akaingia.

Nilimsubiri saa tatu nzima kwenye kiti cha pikapu. Mimi ambaye siwezi kusubiri chai ipoe. Alipotoka hakukimbia, alitembea vilevile, lakini nilimwona kutoka mbali akisugua kidole gumba kwenye rula.

"Lilikuja?"

"Lilikuja. Kampuni ya viti." Akapanda, akafunga mlango. "Nilipopiga mstari wa kwanza mkono ukataka kwenda kulia. Niliuona. Nikauweka chini, nikashika penseli upya, nikaandika mwezi wa mauzo ndani ya mwezi wa mauzo. Mwezi wa pili ndio uliopungua, laki nne. Mwezi wa tatu ikarudi juu."

"Na ushauri? Si huwa wanauliza?"

"Waliuliza kampuni ifanye nini kuziba zile laki nne. Nikaandika ankara ziwahi. Nikaandika ikaongee na wauza mbao kabla siku haijafika, si baada, iombe wiki mbili. Nikaandika gari jipya lisubiri mwezi mmoja." Akatazama nje ya dirisha. "Halafu nikaandika na jingine. Hilo halina alama, niliandika tu."

"Lipi?"

"Kwamba isicheleweshe mshahara wa mtu kwa sababu tu ni mtu ambaye hatadai."

Niliwasha gari. Tulifika taa za barabarani, zikawa nyekundu, zikawa kijani, gari la nyuma likapiga honi. Mguu wangu ulikuwa bado uko kwenye breki.

Kwa sababu nilikumbuka. Mwezi wa nne pesa zilipokaza, niliwalipa wote, nikamwambia yeye, "Wewe ni wa nyumbani, vuta subira." Mwezi wa tano nikamwambia vilevile. Mwezi wa sita sikumwambia hata hilo. Mwuza mbao nilimchelewesha siku sitini, na kila wiki alinipigia simu kunikumbusha. Wifi yangu nilimcheleweshea mshahara wa siku tisini na hakuniuliza, akawa anashona foronya kulipia ada ya kujifunza hesabu zangu. Niliona haya mpaka shingo ikaniuma.

Tulipofika ofisini nikafungua daftari la mishahara mwenyewe. Mistari yote imejaa sahihi, ila mmoja una nafasi tatu nyeupe. Alikuwa hajaweka hata alama ya kunikumbusha.

"Wifi, ile miezi mitatu," nikasema. "Nitakulipa kesho."

"Kesho ni mume wangu," akasema. "Nimeshaiweka."

"Umeiweka wapi?"

Akanionyesha kwenye bajeti, mstari wa chini kabisa wa malipo, mwandiko mdogo: mwezi wa tisa, Ijumaa ya mwisho. Aliuandika tangu mwisho wa mwezi wa sita, mshahara wake ulipokosekana mara ya tatu, na mimi niliisoma bajeti ile mara kumi nikitafuta mashine yangu tu.

"Kwa nini mwezi wa tisa? Chukua sasa!"

"Sasa tunamalizana na mkopeshaji. Mwezi wa nane mbao. Ukinilipa kabla ya hapo tutapungukiwa laki tatu, na utawakata watu wa benchi. Mwezi wa tisa bajeti inabeba." Akachukua penseli. "Nimesubiri bila tarehe. Kusubiri nikiwa na tarehe hakunisumbui."

Matokeo yalitoka mwezi wa tisa, siku ya Jumatano. Yalikuja kwa simu, na kwa sababu miwani yake ilikuwa imepotea mahali fulani kichwani mwake, niliyasoma mimi. Nilisoma kimya kwanza. Kisha nikapiga kelele ambayo iliwatoa watu wa benchi wote mbio, mmoja akiwa na ndoo ya maji akidhani ni moto. Amepita! Amepita, na kwa alama za juu kuliko mitihani yake yote. Nikamkumbatia, nikalia begani kwake, gauni lake likalowa. Kesho alikuja kutoka uani akamwinua mkewe juu, yeye akimwambia amshushe, amshushe, ana ankara ya kumalizia.

Ijumaa ya mwisho ilipofika, sikungoja anikumbushe. Nilikwenda benki asubuhi, nikarudi na bahasha, nikaiweka mezani mbele yake. Salio lilibaki pale alipoandika litabaki, tofauti ikiwa nauli yangu tu. Akazihesabu noti kwa kuzigusa, kama alivyokuwa akihesabu mafungu ya nyuzi siku zile. Kisha akavuta kitabu cha stakabadhi.

"Cha nini?" nikamuuliza. "Mimi na wewe?"

Akachonga penseli, akaiweka pembeni, akachukua kalamu ya wino. Akaandika jina langu, akaandika kiasi, akaandika sababu: mshahara wa miezi mitatu uliochelewa. Nikamwambia hilo neno la mwisho angeliacha. Akasema stakabadhi ni stakabadhi. Kisha akaandika tarehe, ya siku ileile, akachana nakala yangu akanipa.